Kuweka akiba ya malipo ya awali ya nyumba wakati bei inapanda kila mwaka: mwongozo kamili

Mtu anayeweka akiba ya kununua nyumba kwa mkopo huanza kwa hesabu inayoonekana rahisi: bei ya nyumba, asilimia ambayo mkopeshaji anataka mnunuzi aitoe mwenyewe, na kiasi anachoweza kuweka kila mwezi. Akigawanya, anapata idadi ya miaka. Miaka hiyo ikipita, hugundua kwamba fedha alizojiwekea ni zilezile alizopanga, lakini hazitoshi tena, kwa sababu bei haikumsubiri. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuipanga hesabu hiyo tangu mwanzo ikiwa na mwendo ndani yake, na hasa unaeleza jambo ambalo watu wengi wanaopanga akiba hulisahau: lengo la akiba husogezwa na nguvu mbili, si moja, na ile ya pili mara nyingi ndiyo nzito zaidi.

Tarakimu zote hapa chini ni za mfano na hazina sarafu. Weka za kwako mahali pake.

Hatua ya kwanza: tafuta kasi halisi ya kupanda kwa bei

Usichukue asilimia uliyoisikia katika habari, kwa kuwa hiyo ni wastani wa nyumba za kila aina katika maeneo mengi. Unachohitaji ni kasi ya bei ya aina ya nyumba unayoitaka, yenye ukubwa huo, katika eneo hilo. Tumia bei ambazo nyumba ziliuzwa kweli, si bei zilizotangazwa na wauzaji, kwa kuwa tofauti kati ya hizo mbili huweza kuwa kubwa na hubadilika soko linapochangamka au linapopoa.

Tuseme nyumba ya aina unayoitaka iliuzwa kwa 75,000 miaka mitano iliyopita, na leo inauzwa kwa 100,000. Ongezeko ni theluthi moja, na wengi hugawanya asilimia 33 kwa tano na kupata karibu asilimia 6.7 kwa mwaka. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu kila mwaka bei hupanda juu ya bei iliyokwisha kupanda. Katika lahajedwali andika hivi:

```
=(100000/75000)^(1/5)-1
```

Jibu ni asilimia 5.9, ambayo tutaiita 6. Kadiri unavyoweza kupata bei za miaka mingi zaidi, ndivyo bora, kwani mwaka mmoja wa bei kuruka au kudorora haupaswi kuongoza mpango wako. Fanya hesabu yako mara mbili, ya kwanza kwa kasi uliyoipata na ya pili kwa kasi iliyozidi hiyo kwa asilimia 2, ili uone mpango unavyostahimili.

Hatua ya pili: hesabu fedha zote zitakazotoka mfukoni, si malipo ya awali pekee

Mkopeshaji akisema anahitaji asilimia 20, hiyo ni sehemu ya bei tu. Kuna ada ya mthamini, ada ya wakili, kodi au ushuru wa kuhamisha umiliki, ada za mkopo wenyewe na gharama za kuhama. Viwango hivi hutofautiana sana, kwa hiyo waulize wahusika mapema. Katika mfano wetu vitakuwa asilimia 5 ya bei. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa ya gharama hizi hukokotolewa kwa asilimia ya bei, hivyo nazo hupanda pamoja nayo. Nyumba ya 100,000 inahitaji leo 20,000 za malipo ya awali na 5,000 za gharama, jumla 25,000.

Akiba ya dharura haimo katika jumla hii na haipaswi kuhesabiwa humo. Mtu anayemaliza fedha zake zote siku ya kusaini, kisha akapoteza kazi au akakuta paa linavuja, huanza kuchelewesha marejesho katika miezi ya mwanzo kabisa ya mkopo.

Hatua ya tatu: tazama lengo linavyosogea

Mnunuzi wetu wa mfano ana kipato cha 20,000 kwa mwaka kinachoongezeka kwa asilimia 4 kila mwaka. Tayari ana akiba ya 6,000. Anaweka asilimia 20 ya kipato chake, yaani 4,000 katika mwaka wa kwanza, na kiasi hicho kinakua pamoja na kipato. Fedha zake zinazaa asilimia 4 kwa mwaka baada ya kodi. Kwa urahisi, tunahesabu kwamba mchango wa mwaka huingia mwishoni mwa mwaka.

Kama bei isingepanda, angehitaji 25,000, naye angefikisha 25,017 mwishoni mwa mwaka wa nne. Huo ndio mpango ambao watu wengi huubeba kichwani.

Bei ikipanda kwa asilimia 6, mwaka wa nne nyumba ileile itauzwa kwa 126,248, na robo yake ni 31,562. Akiba yake ya 25,017 ina upungufu wa zaidi ya 6,500. Mwaka wa tano bado hajafika. Mwaka wa sita anahitaji 35,463 na anazo 36,792, kwa hiyo amefika. Kupanda kwa bei kumemwongezea miaka miwili, jambo linaloumiza lakini linalovumilika, na watu waangalifu hulifikiria. Wengi wao husimama hapo, na hapo ndipo hesabu yao inapokatika kabla haijafika mwisho.

Hatua ya nne: ingiza ukomo wa mkopo katika hesabu

Mkopeshaji hakupi asilimia 80 ya bei yoyote ile. Ana ukomo wa pili unaotokana na kipato chako: kiasi cha marejesho ya kila mwezi ambacho anaamini unakimudu. Baadhi ya wakopeshaji huutaja kama sehemu ya mshahara inayoruhusiwa kwenda kwenye marejesho, wengine kama idadi fulani ya mishahara ya mwaka. Katika mfano wetu ukomo ni mara nne ya kipato cha mwaka.

Leo ukomo wa mnunuzi wetu ni 80,000, na asilimia 80 ya bei ya nyumba ni 80,000 vilevile. Mambo yanalingana kabisa, na ndiyo maana hatari haionekani. Lakini bei inapanda kwa asilimia 6 na kipato kwa asilimia 4. Kila mwaka unaopita, mkopo anaoruhusiwa unabaki nyuma ya mkopo unaohitajika, na tofauti yote inageuka kuwa fedha taslimu ambazo lazima azitoe yeye.

Mwaka wa sita, ule ambao tulisema amefika, nyumba inauzwa kwa 141,852. Ukomo wa mkopo wake ni 101,226. Atatakiwa kutoa 40,626 za bei yenyewe na 7,093 za gharama, jumla 47,719. Anazo 36,792. Bado ana pengo la karibu 10,927, ingawa asilimia 20 ameipita kwa mbali.

Kwa hiyo kanuni ya lengo haipaswi kuwa "asilimia 20 ya bei". Inapaswa kuwa kiasi kikubwa kati ya viwili hivi: asilimia anayotaka mkopeshaji, au bei ukitoa mkopo utakaopewa, kisha ongeza gharama. Katika lahajedwali, weka mwaka katika safu ya A, bei katika B, kipato katika C, ukomo wa mkopo katika D, fedha zinazohitajika katika E, akiba katika F na pengo katika G. Mstari wa 2 ni wa leo. Katika B2, C2 na F2 andika tarakimu zako, na D2, E2 na G2 zikokotoe kwa kanuni za safu zake. Mstari wa 3 uandikwe hivi, kisha unakiliwe kwenda chini:

```
B3: =B2*1.06
C3: =C2*1.04
D3: =C3*4
E3: =MAX(B3*0.2,B3-D3)+B3*0.05
F3: =F2*1.04+C2*0.2
G3: =E3-F3
```

Kwa tarakimu za mnunuzi wetu, jedwali linatoa haya:

| Mwaka | Bei | Ukomo wa mkopo | Fedha zinazohitajika | Akiba | Pengo |
|---|---|---|---|---|---|
| 0 | 100,000 | 80,000 | 25,000 | 6,000 | 19,000 |
| 1 | 106,000 | 83,200 | 28,100 | 10,240 | 17,860 |
| 4 | 126,248 | 93,589 | 38,971 | 25,017 | 13,954 |
| 6 | 141,852 | 101,226 | 47,719 | 36,792 | 10,927 |
| 12 | 201,220 | 128,083 | 83,198 | 83,500 | amefika |

Mpango wa miaka minne umekuwa wa miaka kumi na miwili, na hakuna kilichoharibika njiani: mtu hakuacha kuweka, kipato hakikushuka, bei haikuruka ghafla. Ni asilimia 2 tu za tofauti kati ya kasi ya bei na kasi ya kipato, zikifanya kazi mwaka baada ya mwaka. Ninasikitika kila ninapoona mtu mwenye nidhamu ya kuweka akiba akijilaumu kwamba hajibani vya kutosha, ilhali hesabu aliyopewa tangu awali haikuwa kamili.

Hatua ya tano: soma safu ya pengo

Kiasi cha akiba hupanda karibu kila mwaka na hivyo hufariji bure. Kinachosema ukweli ni pengo. Tazama mwaka wa kwanza wa mnunuzi wetu: akiba iliongezeka kwa 4,240, lakini fedha zinazohitajika nazo ziliongezeka kwa 3,100. Kati ya kila alichoongeza, karibu robo tatu ilitumika kumweka palepale alipokuwa, na ni 1,140 pekee iliyomsogeza mbele.

Jaribio hili unaweza kulifanya leo hii kwa dakika chache: linganisha ongezeko la mwaka mmoja la fedha zinazohitajika na ongezeko la mwaka mmoja la akiba yako. La kwanza likiwa kubwa kuliko la pili, unarudi nyuma kila mwezi unaoweka, na kuvumilia zaidi bila kubadili chochote kunakupeleka mbali zaidi. Yakikaribiana, mpango uko hai lakini ni dhaifu, na mshtuko mdogo wa bei au wa riba utaugeuza.

Riba ya mikopo inastahili kutajwa hapa, kwa sababu huusogeza ukomo wa mkopo bila kugusa bei wala kipato. Mkopo wa 80,000 wa miaka 25 kwa riba ya asilimia 8 una marejesho ya karibu 617 kwa mwezi. Mkopeshaji anayepima kwa marejesho, riba ikifika asilimia 10, kwa 617 hizohizo atakupa karibu 68,000 tu. Zile 12,000 zilizopungua zinakuwa juu yako. Ni kweli kwamba riba ikipanda sana bei nazo huweza kupunguza mwendo, lakini mara nyingi huchukua muda, na huna sababu ya kuujenga mpango wako juu ya tumaini hilo.

Hatua ya sita: chagua kitu cha kubadilisha, ukianza na chenye nguvu zaidi

Watu wengi hufikiri kwanza kutafuta mahali penye faida kubwa zaidi kwa akiba yao. Katika miaka ya mwanzo njia hiyo ina nguvu ndogo. Mnunuzi wetu akipata asilimia 6 badala ya 4, mwaka wa kwanza anaongeza 120 tu, na baada ya miaka sita yote anakuwa na 2,360 zaidi. Si kiasi cha kudharau, ila hakizibi pengo la 10,927.

Kuongeza mchango kuna nguvu zaidi. Akianza na 5,000 kwa mwaka badala ya 4,000, na kiasi hicho kikaendelea kukua pamoja na kipato, mwaka wa saba anakuwa na 52,182 dhidi ya mahitaji ya 52,607, yaani anafika miezi michache baadaye. Miaka kumi na miwili imepungua kuwa saba na kidogo. Hata hivyo hiyo ni robo ya kipato chote, na si kila mtu anaweza kuitoa huku akilipa kodi ya nyumba anayoishi. Kinachowezekana kwa wengi zaidi ni kuchukua nusu ya kila nyongeza ya mshahara na kuielekeza kwenye akiba siku hiyohiyo inapoanza kuingia, kabla matumizi hayajaizoea.

Nguvu kubwa kuliko zote imo katika kuchagua nyumba. Mnunuzi wetu akilenga nyumba ambayo leo inauzwa kwa 85,000, mwaka wa tano itakuwa karibu 113,750. Asilimia 80 ya bei hiyo ni 91,000, na ukomo wa mkopo wake mwaka huo ni 97,332, kwa hiyo ukomo haumbani tena. Anahitaji 28,437 pamoja na gharama, na akiba yake ni 30,697. Nyumba iliyo nafuu kwa asilimia 15 imempunguzia miaka saba. Sababu ni kwamba ameiondoa ile nguvu ya pili, na amebaki akipambana na moja tu. Ninaona huu ndio uamuzi wa kupimwa kwanza kabla ya mengine yote, na upimwe mapema, kwa kuwa kadiri miaka inavyopita tofauti kati ya bei na mkopo inazidi kupanuka, na nyumba ambayo leo ingetosha kwa kushuka asilimia 15 baadaye itadai kushuka zaidi.

Njia nyingine ya kulegeza ukomo ni kukopa pamoja na mtu mwenye kipato. Katika mfano wetu, mkopaji mwenza mwenye kipato cha karibu 3,100 kwa mwaka wakati huo angetosha kuirudisha tarehe kwenye mwaka wa sita, hata asipochangia akiba yoyote. Lakini kwa kawaida kila mmoja wa wakopaji wa pamoja huwajibika kwa deni lote, si kwa nusu yake, na jina lake hubaki kwenye deni hata uhusiano ukivunjika. Jambo hili lisifanywe kwa ajili ya hesabu peke yake.

Kuna pia mikopo inayodai asilimia 10 tu ya malipo ya awali. Inasaidia pale tu ambapo ukomo wa kipato haujakubana. Kama kinachokuzuia ni ukomo, kushusha asilimia hakuongezi hata senti moja kwenye mkopo utakaopewa, na mara nyingi huja na riba au bima ya ziada inayoyafanya marejesho yawe mazito zaidi.

Hatua ya saba: weka fedha kulingana na muda uliobaki

Fedha zinazohitajika ndani ya miaka mitano hazipaswi kuwa katika hisa, hata kama kwa wastani wa miaka mingi hisa zimezaa zaidi. Akiba ya 25,017 ikipoteza asilimia 30 mwaka wa nne, zinakwenda karibu 7,500, ambazo ni michango ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na bei za nyumba hazina wajibu wa kushuka siku hiyohiyo. Amana za muda maalumu, hati fungani za muda mfupi za serikali na mifuko inayowekeza katika dhamana za aina hiyo zinafaa zaidi. Gawanya amana hizo ziive kwa zamu, moja baada ya nyingine kila baada ya miezi mitatu au sita, ili usilazimike kuvunja amana na kupoteza riba nyumba inayofaa ikipatikana mapema. Pima faida baada ya kodi na ada, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoingia katika safu ya F.

Hatua ya nane: rudia hesabu kila mwaka, kisha jiandae kwa uthamini

Mara moja kwa mwaka, futa makadirio katika mstari wa leo na uandike tarakimu halisi: bei za mauzo ya karibuni, kipato chako, ukomo ambao mkopeshaji anautaja sasa, na salio. Usibadilishe kasi ya bei kwa sababu ya mwaka mmoja tu. Pengo lisipopungua katika mapitio mawili mfululizo, rudi hatua ya sita.

Ukikaribia kununua, acha nafasi kwa ajili ya mthamini. Mkopeshaji hukokotoa asilimia yake juu ya thamani aliyoipata mthamini pale inapokuwa chini ya bei mliyokubaliana na muuzaji. Turudi kwa ile nyumba ya 113,750: mthamini akisema ina thamani ya 110,000, asilimia 80 inakuwa 88,000 badala ya 91,000, na mnunuzi atatakiwa kuongeza 3,000 papo hapo. Mahitaji yake yanafika 31,437, na akiba yake ni 30,697, hivyo anapungukiwa na 740. Anaweza kumwomba muuzaji apunguze bei akimwonyesha ripoti ya uthamini, au kusubiri miezi michache kama muuzaji anakubali. Ili asifike hapo, anapaswa kuongeza asilimia 3 ya bei juu ya safu ya E katika mwaka wa mwisho wa mpango, na kuhakikisha kwamba kabla ya kulipa fungu lolote la kuishikilia nyumba, mkataba unasema fungu hilo litarudishwa mkopo usipopatikana kwa kiasi kilichokusudiwa.